Kima katikati ya bahari

Nikitaka kumfundisha mtu msuko wa hadithi, humpa penseli, karatasi na kisa cha kima na papa, kile ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja kwa jina la punda wa dobi. Wengi wamekisikia tangu utotoni, na ndivyo ninavyopenda. Anayejua kitakachotokea hupata nafasi ya kutazama kisa kilivyosukwa.

Mchoro wenyewe ni mstari mmoja tu. Huanza tambarare, hapo ndipo utangulizi, kisha hupanda kadiri matukio yanavyoukaza mgogoro, hufika kileleni, halafu hushuka hadi kwenye suluhu. Mjerumani Gustav Freytag aliuchora kama piramidi mwaka 1863, akizungumzia tamthilia za sehemu tano, na kilele akakiweka katikati. Waandishi wengi wa hadithi fupi hukisogeza karibu na mwisho.

Tuanze na tambarare. Pana mkuyu mkubwa ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi yake iko juu ya nchi kavu na nusu juu ya maji. Kima anakula matunda, papa anakuja chini kuomba, naye anatupiwa. Siku zinapita hivyo, urafiki unakolea. Anayeanza kuandika huona hapa hapana kitu, akataka kuruka. Humwambia afute kwa kidole yale matunda, kisha asome kilichobaki. Papa anamwalika kima nyumbani kwake, na sasa kima hana sababu hata moja ya kumwamini. Rudisha matunda, ufute matawi yaliyoinamia maji: hao wawili wangekutania wapi? Utangulizi mzuri hauna tawi la bure.

Mstari unaanza kupanda kwenye ule mwaliko. Kima anasema hajui kuogelea, papa anajitolea kumbeba mgongoni, wanaondoka. Kila hatua inamfungia kima njia moja ya kurudi, na hicho ndicho kipimo changu cha kupanda. Hata wangekutana na mawimbi, mvua na samaki wa kila rangi, kama hakuna njia inayofungwa, mstari ungebaki tambarare. Katikati ya safari papa anasema ukweli: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Wanafunzi karibu wote huweka alama ya kilele hapo. Nawaelewa, maana moyo wa msikilizaji ndipo unapopiga kwa nguvu. Lakini swali la kisa ni kama kima atapona, na habari ile haijalijibu. Imelinoa tu. Kima anamjibu papa kwamba laiti angeambiwa mapema angeuchukua moyo wake, kwa kuwa wao wakisafiri huuacha mtini. Papa anataka warudi. Kima anajifanya kukataa, anasema waendelee tu hadi huko waendako, na papa ndiye anayemsihi. Hapa ndipo ninapoweka penseli yangu: pale papa anapogeuza mkia. Kabla ya hapo mambo mawili yaliwezekana, baada ya hapo limebaki moja. Lile katao la uongo nalipenda kuliko kitu chochote katika kisa hiki. Ni sentensi mbili tatu tu, nalo linaushikilia mstari juu kwa pumzi moja zaidi kabla haujaanza kuanguka.

Kuruka mtini kunasimuliwa haraka, na ni sawa, kwa sababu kumeshaamuliwa baharini.

Baadaye kuna jambo linalowachanganya wanaoanza. Papa anangoja, anaita, anaita tena. Kima anamuuliza kama anamdhani yeye ni punda wa dobi, kisha anasimulia hadithi nyingine nzima: simba mgonjwa, sungura anayemletea punda, punda anayeponea chupuchupu mara ya kwanza na kukubali kurudi mara ya pili. Hadithi hiyo ina mlima wake, na kilele chake ni kule kurudi, si meno ya simba. Sungura anakula moyo na masikio, na simba akiuliza viko wapi, anaambiwa punda yule hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi.

Kwenye karatasi huchora mlima mdogo ubavuni mwa ule mkubwa, upande wa kushuka. Hapo mwanafunzi huona kwa nini suluhu ya kisa hiki ni ndefu kuliko kawaida: hatari imekwisha, ila papa bado hajaelewa, na urafiki haujavunjwa kwa maneno. Mstari unagusa chini pale kima anapomwambia aende zake. Yeye yuko juu ya tawi, papa yuko majini, palepale walipokuwa siku ile matunda yalipoanza kutupwa.