Kununua Duka Bumala: Hesabu Isiyo Kwenye Daftari

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi pale Bumala, kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia. Mwenyewe anataka kuliuza kwa shilingi 1,800,000, pamoja na bidhaa zote na jina la duka. Mnunuzi ni mwalimu aliyestaafu juzi, ana kiinua mgongo benki na hana haja ya kuhangaika. Muuzaji anamwambia, “Mwalimu, hapa napiga elfu thelathini kwa siku, faida ishirini kwa mia.” Siku 26 za kazi ni mauzo ya 780,000 kwa mwezi, na faida ya 156,000 kabla ya gharama. Kwa hesabu hiyo bei ni rahisi mno.

Kuchunguza biashara kabla ya kuinunua si kuuliza maswali mengi kumshinda muuzaji. Ni kutafuta ushahidi ambao muuzaji hakuuandika kwa ajili yako. Daftari la mauzo aliliandika mwenyewe, na lile analokuonyesha huenda aliliandika wiki iliyopita kwa kalamu moja. Risiti za ununuzi ziliandikwa na watu wengine: wauza jumla wa Kisumu, wasambazaji wa saruji. Kwa hiyo tunaanzia mlango wa nyuma, tunahesabu kilichoingia ili tujue kilichotoka.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Bidhaa zilizokuwepo mwanzoni, ongeza zilizonunuliwa, toa zilizobaki leo: unapata gharama ya bidhaa zilizouzwa. Tuseme Januari dukani kulikuwa na mali ya 1,050,000 kwa bei ya kununulia. Risiti za miezi sita zinafika 2,610,000. Mwalimu na mwanawe wanafunga duka Jumapili moja, wanahesabu kila mfuko na kila pakiti ya misumari, wanapata 870,000. Kilichouzwa kwa miezi sita basi kiligharimu 2,790,000, yaani 465,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo faida ya ishirini kwa mia inapoanza kuyeyuka. Saruji na mabati huuzwa sana, lakini kila duka barabarani lina bei ileile na faida yake ni nyembamba. Rangi, bawaba na kufuli zina faida nene, lakini haziendi haraka. Ukipima bei ya kununulia na ya kuuzia ya bidhaa zinazotoka zaidi, kila moja kwa uzito wake, wastani unaangukia 14 kwa mia ya bei ya kuuzia. Gawanya 465,000 kwa 0.86: mauzo ni kama 540,000 kwa mwezi. Si elfu thelathini kwa siku, ni elfu ishirini na kidogo, na faida ghafi ni kama 75,000. Muuzaji huenda hata hakudanganya. Wengi hukumbuka siku ya soko na kuisahau Jumanne ya mvua.

Ushahidi wa pili ni taarifa ya tili ya M-Pesa. Omba ya mwaka mzima, na ipakuliwe mbele yako, kwa sababu karatasi iliyochapishwa inaweza kurekebishwa. Usiangalie jumla kwanza. Angalia nambari za wateja. Fundi analipa 1,340 au 760. Ukiona nambari moja inayotuma 20,000 kamili kila jioni, na fedha hiyohiyo inatolewa asubuhi, hayo si mauzo bali ni mtu anayezungusha pesa yake ili tili inenepe. Ondoa miamala ya namna hiyo, kisha ulinganishe. Ikibaki 310,000 kwa mwezi, zile 230,000 nyingine za fedha taslimu zinaaminika. Kama tili ingebaki na 90,000 tu, ningetilia shaka hata risiti za ununuzi.

Sasa toa gharama. Kodi ya nyumba 12,000, kijana wa dukani 15,000, umeme, leseni ya kaunti na usafiri 5,000: kinabaki kama 43,000. Muuzaji hajilipi mshahara, anakaa dukani mwenyewe toka asubuhi hadi giza. Mwalimu hatakaa, atamweka msimamizi wa 20,000. Kinabaki 23,000.

Halafu kuna KRA. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ni 3 kwa mia tangu 2023, tena inatozwa kwenye mauzo na si kwenye faida. Kwa duka hili ni 16,200 kwa mwezi. Mwalimu anabaki na chini ya 7,000. Baya zaidi, mauzo ya 540,000 kwa mwezi yanapita milioni sita kwa mwaka, na anayeuza bidhaa zinazotozwa kodi kwa zaidi ya milioni tano anapaswa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Muuzaji hakujisajili, kwa hiyo huenda anadaiwa. Cheti cha KRA cha kutodaiwa kodi hakitamaliza shaka hiyo, maana kinategemea yale aliyoyatangaza mwenyewe.

Je, deni hilo litamfuata mwalimu? Kenya ina Sheria ya Uhamisho wa Biashara, Sura ya 500, ambayo wanunuzi wengi wa mitaani hawajaisikia. Biashara ikihamishwa bila tangazo linalotakiwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mnunuzi hubeba madeni ya biashara yaliyoachwa na muuzaji, hata kama mkataba wao unasema vingine. Mkataba ulioandikwa kwa wakili wa Busia na kugongwa mhuri hauwazuii wanaodai. Pia iko sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017. Humo utaona kama bidhaa zilizo rafuni zimewekwa rehani kwa mkopeshaji.

Bidhaa zenyewe nazo zina maneno. Bonyeza mifuko ya saruji ya chini kabisa: ikiwa na mabonge magumu, imeshika unyevu na haina thamani ya saruji mpya. Ruhusu hasara ya 140,000 kwa mifuko hiyo, rangi zilizoganda na vipuri visivyoulizwa na mtu. Kisha uliza karatasi za forodha za bidhaa zilizotoka Uganda. Hapa, karibu na mpaka, duka linaweza kushinda majirani kwa bei kwa sababu tu mali yake hupita njia za panya. Faida hiyo hainunuliki, na mali isiyo na karatasi inaweza kukamatwa ikiwa mikononi mwako.

Kuhusu nyumba, muuzaji anasema mwenye nyumba ni rafiki. Hawana mkataba ulioandikwa. Sheria ya Sura ya 301 humlinda mpangaji wa duka wa namna hiyo asifukuzwe ovyo, lakini mpangaji huyo ni muuzaji. Mwalimu anahitaji barua ya mwenye nyumba inayomkubali yeye na kutaja kodi. Na kwa kuwa duka liko kando ya barabara kuu, apime pia kama kibaraza kimeingia kwenye hifadhi ya barabara.

Bidhaa nzima zina thamani ya 730,000. Zaidi ya 1,000,000 iliyobaki kwenye bei ni ya gudwili, na kwa 7,000 kwa mwezi ingerudi baada ya zaidi ya miaka kumi na miwili. Ningemshauri mwalimu atoe 730,000, pamoja na thamani ya rafu na mizani, alipe baada ya tangazo la Gazeti Rasmi kutimia, na gudwili asiilipie hata senti.