Kaya 25 kwa kila eneo: upendeleo huingilia wapi?

Mwaka 2022 Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya (KNBS) lilipofanya Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya, lilihitaji makadirio ya nchi nzima na ya kila kaunti. Kuteua kaya kwa bahati nasibu tupu kusingefaa. Katika sensa ya 2019 Lamu ilikuwa na watu 143,920, Nairobi 4,397,073. Kwa njia hiyo, kila kaya moja ya Lamu ingeandamana na kaya zaidi ya 30 za Nairobi, na Lamu isingepata makadirio ya kutegemewa.

Kwa hiyo nchi iligawanywa kwanza katika matabaka. Kaunti 47 zilitenganishwa mjini na mashambani, isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo ni miji mitupu, yakapatikana matabaka 92. Kaunti zenye watu wachache zilipewa kaya nyingi kuliko fungu lao. Wakati wa kukokotoa, uzito wa kila kaya hurekebisha tofauti hiyo. Anayesahau uzito huo huipa Lamu sauti kubwa mno katika wastani wa taifa.

Ndani ya matabaka yaliteuliwa maeneo 1,692, yaani vishada. Kaya zote za kila kishada ziliorodheshwa upya, kisha 25 zikateuliwa kwa nasibu. Vishada hupunguza gharama ya safari, lakini majirani hufanana: kisima kimoja, zahanati moja. Tuseme kiwango cha kufanana ni 0.05. Hapo hitilafu ya makadirio, ikipimwa kwa varians, huongezeka mara 1 + (25 − 1) × 0.05, yaani 2.2. Kaya 2,200 za vishada zina nguvu ya kaya 1,000 za nasibu tupu.

Hitilafu hiyo hupungua ukiongeza vishada. Upendeleo haupungui. Nao mara nyingi huingilia mlangoni, baada ya mpango wote kukamilika. Mhoji anabisha saa tano asubuhi, hapati mtu, anaingia nyumba ya jirani yenye watu. Papo hapo waliokwenda kazini au sokoni wanatoka kwenye sampuli, na nafasi yao inachukuliwa na wazee na wenye watoto wachanga. Hata kaya laki moja zikihojiwa hivyo, jibu litapotoka vilevile.

Ndiyo maana utafiti wa aina hii hukataza kubadilisha kaya: mhoji hurudi siku na saa nyingine, na akikosa mtu, kaya huandikwa kuwa haikujibu. Baadhi ya vishada vilipokutwa na kaya pungufu ya 25, zote zilichukuliwa bila kujazia kwingine, na jumla ikashuka kutoka 42,300 hadi 42,022.

Msimamizi anaweza kuunasa udanganyifu. Mhoji asiye na kaya hata moja iliyokosa kujibu, wala ziara ya pili, arudiwe nyumba kwa nyumba. Kisha umri na jinsia za waliohojiwa zilinganishwe na sensa: vijana wa kiume wakipungua sana, pa kuanzia kutafuta ni milango iliyokutwa imefungwa.