Saa ya arobaini na sita

Tuchukue kiwanda kidogo cha kusaga mahindi pale Mokambo, mpakani na Zambia: kinu cha umeme, watu kumi na wawili na karani mmoja anayeshika daftari la mahudhurio na la malipo. Wafanyakazi wanalipwa kwa saa. Kiwanda hiki ni cha mfano tu, lakini sheria inayokihusu ni ya kweli, na makosa tutakayoyaona hutokea katika viwanda vya ukubwa huu kila mwisho wa mwezi.

Kanuni zenyewe ni chache. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Viwango vya nyongeza vinatoka kwenye agizo la waziri la mwaka 1968. Kila moja kati ya saa sita za kwanza zinazozidi saa za kisheria za wiki hulipwa kwa nyongeza ya 30%. Kila saa inayofuata hizo sita ina nyongeza ya 60%. Saa iliyofanywa siku ya mapumziko ya wiki, au sikukuu ya serikali, ina nyongeza ya 100%, yaani inalipwa mara mbili.

Kwa hiyo malipo ya ziada yana ngazi mbili, na ngazi hizo zinapandwa ndani ya wiki moja, kisha Jumatatu mtu anaanza upya chini. Karani asiposhika jambo hili, hesabu zake zitakosea hata akiwa hodari wa kuzidisha.

Tumwangalie mwendesha kinu katika wiki moja. Mkataba wake ni faranga 3.000 kwa saa, na kila siku ana saa moja ya chakula, kuanzia 12:00 hadi 13:00, isiyolipwa. Jumatatu aliingia 07:00 akatoka 17:00: saa 9. Jumanne, Jumatano na Alhamisi aliingia 07:00 akatoka 19:00: saa 11 kila siku. Ijumaa aliingia 06:00, akatoka 19:00: saa 12. Jumla ni saa 54. Jumapili aliitwa kupakia lori, 08:00 hadi 12:00, saa 4.

Saa 45 za kwanza zinalipwa faranga 135.000. Zimezidi saa 9. Sita kati ya hizo ni za ngazi ya kwanza, kila moja faranga 3.900, jumla 23.400. Tatu zilizobaki ni za ngazi ya pili, kila moja 4.800, jumla 14.400. Saa nne za Jumapili hazichanganywi na zile 54. Zinahesabiwa peke yake, 6.000 kila moja, jumla 24.000. Mshahara wa wiki kabla ya makato ni faranga 196.800.

Sasa turudi Jumatano. Siku hiyo umeme wa SNEL ulikatika saa 13:00 ukarudi 17:00. Kinu kilisimama, watu wakakaa chini ya mti uani, kisha wakaendelea kusaga mpaka 19:00. Karani anayefuata daftari la uzalishaji ataandika saa 7, kwa sababu ndizo saa ambazo unga ulitoka. Hapo amekosea. Sheria inahesabu muda wa kazi tangu mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi, chini ya amri ya mwajiri, hadi kazi inapokoma kulingana na ratiba. Muda wa kusafiri kutoka nyumbani haumo, ila kama safari yenyewe ni sehemu ya kazi. Lakini mtu aliyeambiwa asiondoke, umeme unaweza kurudi wakati wowote, yuko chini ya amri. Saa zake ni 11.

Kosa hilo linagharimu kuliko linavyoonekana. Ukifuta saa nne, wiki inakuwa na saa 50 badala ya 54. Mtu angedhani aliyepunjwa amepoteza saa nne za faranga 3.000, yaani 12.000. Sivyo. Saa zinazofutwa hutoka juu ya ngazi. Zinaondoka zile tatu za 4.800 na moja ya 3.900, jumla faranga 18.300. Ndiyo maana kila saa iliyopotea katika wiki nzito ni ghali zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye mkataba.

Njia ya kuepuka ubishi ni kuamua mara tu umeme unapokatika, na kuandika uamuzi huo. Mwenye kiwanda akitaka watu waende nyumbani na warudi jioni, awaruhusu waziwazi, na saa ya ruhusa iandikwe kama saa ya kutoka, kisha saa ya kurudi kama ya kuingia. Akitaka wasubiri, wanasubiri kwa malipo. Kuwaweka uani bila kuandika chochote, kisha kuamua mwisho wa mwezi, ndiko kunakozaa kesi. Na kama kazi itasogezwa kupita 19:00, karani aongeze safu nyingine, kwa sababu kazi ya kati ya 19:00 na 05:00 ni ya usiku kisheria na ina nyongeza yake ya 25%.

Kosa la pili linatokana na kulipa kwa mwezi. Karani anajumlisha saa zote za mwezi, kisha anatafuta ziada mwishoni. Tuseme mwendesha kinu wetu, baada ya wiki ya saa 54, aliomba siku moja ya ruhusa bila malipo, akafanya saa 36 wiki iliyofuata. Jumla ya wiki mbili ni 90, sawasawa na mara mbili ya 45, na karani anasema hakuna ziada. Lakini wiki nyepesi haifuti wiki nzito. Ziada ya wiki ya kwanza inabaki palepale, na kwa hesabu hiyo ya mwezi mfanyakazi amepunjwa faranga 10.800, mbali na Jumapili yake.

Hesabu hiyohiyo inaweza kumuumiza mwajiri. Mwezi wenye wiki nne, kila wiki saa 5 za ziada, una saa 20 za ziada, na zote ni za ngazi ya kwanza kwa sababu hakuna wiki iliyopita saa sita. Karani anayezikusanya pamoja ataweka sita kwenye 30% na kumi na nne kwenye 60%, na kiwanda kitalipa faranga 12.600 zisizodaiwa. Dawa ni kufunga hesabu kila Jumapili usiku. Wiki inayoanza mwezi mmoja na kuishia mwezi mwingine iingizwe nzima katika mwezi inapoishia, na kanuni hiyo ibandikwe ukutani ili isibadilike kulingana na faida ya yeyote.

Kosa la tatu linavuka mpaka. Mufulira iko ng'ambo tu, na wengi wanaofanya kazi Mokambo wanajua hesabu ya Zambia: ziada huanza baada ya saa 48, na kila saa hulipwa mara moja na nusu. Hiyo ni sheria ya Zambia ya mwaka 2019, na haitumiki upande huu. Wapo wanaoidhania kuwa na ukarimu zaidi, kwa vile 50% inashinda 30%. Kwa wiki yetu ya saa 54, bila Jumapili, kanuni ya Zambia ingetoa faranga 171.000, na ya Kongo inatoa 172.800. Tofauti inatokana na zile saa tatu kati ya 45 na 48, ambazo huku tayari ni za ziada. Mwajiri anayeazima kanuni ya jirani kwa nia njema bado anaweza kujikuta amepunja.

Kama karani anatumia kompyuta, mgawanyo wa ngazi hauhitaji zaidi ya mistari mitatu. Saa za wiki, bila za Jumapili na sikukuu, zikiwa kwenye H2:

```
=MIN(H2;45)
=MAX(0;MIN(H2-45;6))
=MAX(0;H2-51)
```

Mstari wa kwanza unatoa saa za kawaida, wa pili saa za 30%, wa tatu saa za 60%. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa 45, 51 na 54: ziada itoke 0 na 0, kisha 6 na 0, kisha 6 na 3. Angalia pia dakika. Saa nane na nusu ni 8,5. Anayeandika 8,30 amemwibia mtu dakika kumi na mbili, na kwa siku tano hiyo ni saa nzima, tena ya juu ya ngazi.

Lakini kompyuta inahesabu tu kile ilichopewa, na kinachoaminika mbele ya inspekta wa kazi ni daftari la mahudhurio. Liwe na ukurasa kwa kila siku, na kwa kila mtu saa ya kuingia, ya kutoka, muda wa chakula, sababu ya kinu kusimama, na sahihi yake siku hiyohiyo. Saa ziandikwe kwa tarakimu, 07:00 au 19:00, ili asiwepo wa kuuliza kama "saa moja" ilikuwa ya asubuhi au ya jioni. Kosa likitokea, lipigwe mstari mmoja unaoacha maandishi ya chini yasomeke, na pande zote mbili zitie sahihi pembeni.

Daftari lililotungwa mwisho wa mwezi hujulikana haraka. Wote wanaingia 07:00 kamili na kutoka 17:00 kamili, hakuna aliyechelewa hata siku ya mvua, na wino ni mmoja kuanzia tarehe 1 hadi 30. Njia ya uhakika zaidi ni kulilinganisha na karatasi nyingine za kiwandani ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya mishahara. Hati ya kutoa mzigo ghalani ikiwa na tarehe ya Jumapili, lazima waliopakia waonekane kwenye mahudhurio ya Jumapili. Jenereta ikiwa imetiwa mafuta saa 18:30, kulikuwa na watu kazini saa 18:30.

Mwisho ni hati ya malipo, ambayo sheria inadai mfanyakazi apewe kila anapolipwa. Isiandikwe "ziada" kwa jumla. Iwe na mistari minne: saa za kawaida, za 30%, za 60% na za 100%, kila mmoja na idadi ya saa, bei na jumla yake, kisha makato. Madai ya mshahara hufungwa baada ya mwaka mmoja tangu ulipostahili kulipwa, na madai mengine mengi ya mkataba baada ya miaka mitatu, hivyo daftari na nakala za hati hizo zikae kabatini angalau miaka mitatu. Mwendesha kinu akiona mistari minne anaweza kukaa na kalamu yake, akalinganisha na siku alizotia sahihi, na akamwonyesha karani saa ambayo hawakubaliani, badala ya kubishana juu ya mshahara wote.