Kusoma Maelezo ya Toleo la 14.4

Tarehe 16 Juni 2022 watunzaji wa PostgreSQL walitoa toleo la 14.4 la hifadhidata yao, na hata kabla ya kufungua maelezo yake, tarehe yenyewe ilikuwa imeshasema jambo. Masasisho madogo ya PostgreSQL yana ratiba: hutoka Alhamisi ya pili ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Toleo la 14.3 lilikuwa limetoka tarehe 12 Mei, katika siku yake. Juni haimo katika ratiba. Watu waangalifu namna hii hawaivunji ratiba yao bila sababu nzito, na msomaji mzoefu huitafuta sababu hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Namba nayo inasema. Tangu toleo la 10, namba ya kwanza ya PostgreSQL hubadilika mara moja kwa mwaka, pale vipengele vipya vinapoingia; namba ya pili ni ya marekebisho tu. Kutoka 14.3 kwenda 14.4, basi, hakuna zawadi ya kufungua. Unasimamisha seva, unaweka programu mpya mahali pa ile ya zamani, unaiwasha, na data inabaki ilipo. Kwa hiyo swali la kumwongoza msomaji wa sasisho dogo linakuwa moja: kati ya makosa yaliyorekebishwa hapa, lipo lililonigusa mimi?

Kuwahi kusasisha peke yake si dawa. Novemba 2024 lilitoka toleo la 17.1 kwa siku yake, na wiki moja baadaye, tarehe 21, likafuatwa na 17.2 nje ya ratiba. Rekebisho moja la usalama lilikuwa limeharibu amri ya `ALTER ROLE ... SET ROLE`, na muundo mmoja wa ndani wa programu ulikuwa umebadilika ukubwa, jambo lililoweza kuvuruga viongezo vilivyojengwa kwa muundo wa awali. Maelezo ya 17.1 yasingeweza kukuonya juu ya hayo, maana waandishi wenyewe walikuwa hawajayajua. Ndiyo sababu mwenye viongezo vingi husoma pia maelezo ya viongezo vyake, tena hulijaribu toleo jipya kwenye nakala ya seva kwanza.

Turudi kwenye 14.4. Juu kabisa ya maelezo ya kila toleo la PostgreSQL kuna sehemu fupi yenye kichwa kama `Migration to Version 14.4`. Wengi huiruka, kwa sababu mara nyingi maneno yake ni yale yale: huna haja ya kutoa data yote na kuirudisha upya. Mimi naipenda sehemu hii kuliko nyingine zote. Ni mahali ambapo mwandishi huacha kueleza alichokifanya yeye na kukueleza utakachotakiwa kukifanya wewe. Katika 14.4, baada ya sentensi ile ya kawaida lilifuata onyo: kama una faharasa yoyote iliyojengwa au kujengwa upya kwa `CONCURRENTLY` ukiwa kwenye toleo lolote la 14, soma kipengele cha kwanza. Na kama unatoka nyuma ya 14.3, soma pia maelezo ya toleo hilo.

Onyo hilo la pili husahaulika haraka. Aliye kwenye 14.2 hasomi ukurasa mmoja bali kurasa mbili, maana 14.4 inabeba ya 14.3 ndani yake bila kuyarudia. Na 14.3 ilikuwa na mambo yake: ilimtaka mwenye faharasa za GiST kwenye data ya aina ya `ltree` azijenge upya, na ilifunga pengo la usalama `CVE-2022-1552`, lililomwezesha mtu mwenye ruhusa ya kuunda vitu ndani ya hifadhidata kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Pengo la namna hii hulipimi kwa kujiuliza umefanya nini, bali umemruhusu nani. Hifadhidata inayotumiwa na programu moja tu haiko salama moja kwa moja, lakini haina haraka sawa na ile inayotumiwa na wanafunzi mia, kila mmoja na akaunti yake.

Sasa kipengele cha kwanza. Faharasa ya hifadhidata hufanya kazi kama ile ya mwisho wa kitabu: badala ya kupekua kurasa zote, unatazama neno na kupelekwa ukurasa wake. Kuijenga kwa njia ya kawaida huzuia watu wasiandike kwenye jedwali mpaka ikamilike. `CONCURRENTLY` huijenga huku kazi ikiendelea. PostgreSQL, mstari unapobadilishwa, haifuti nakala yake ya zamani papo hapo. Huiacha mpaka ihakikishe hakuna shughuli inayoihitaji. Toleo la 14 lilileta mbinu ya kuharakisha usafi huo, kwa kutoihesabu amri ya kujenga faharasa miongoni mwa wenye kuihitaji data ya zamani. Kumbe ilikuwa ikiihitaji. Mstari uliobadilishwa wakati wa ujenzi uliweza kurukwa, ukawemo kwenye jedwali na usiwemo kwenye faharasa. Toleo la 14.4 liliiondoa mbinu hiyo.

Kipengele hicho kilieleza haya yote kwa sentensi chache, na hapo ndipo ufundi wa waandishi hawa unaponigusa. Kimetaja sharti la kosa, kikataja madhara yake, kikataja tiba. Kimesema pia mara ngapi: wakati mwingine, si kila mara. Ukipata maelezo yaliyoandikwa hivi, kazi yako ni kuchukua sharti na kulilinganisha na historia yako. Faharasa iliyojengwa bila `CONCURRENTLY` haihusiki. Iliyojengwa kwenye 13 ikaja na data wakati wa kuhamia 14 haihusiki. Iliyorudishwa kutoka nakala ya akiba kwa `pg_restore` haihusiki, kwa sababu chombo hicho hujenga faharasa kwa njia ya kawaida. Lakini hukumu hii inadai ukumbuke, na PostgreSQL haihifadhi popote habari ya jinsi faharasa ilivyojengwa. Itabidi upekue mafaili ya mabadiliko ya programu yako. Wala usitafute neno lile tu lilivyoandikwa katika amri za hifadhidata: katika Django limejificha ndani ya `AddIndexConcurrently`, katika Rails ndani ya `algorithm: :concurrently`. Mtu anaweza kuwa amelitumia mara nyingi bila kuliandika yeye mwenyewe.

Tuchukue mfano wa SACCOS yenye hifadhidata iitwayo `sacco`, iliyokuwa kwenye 14.2. Msimamizi anapekua mafaili na kukuta kwamba mwezi Aprili, mchana, watu wakiweka akiba, ilijengwa faharasa ya kuzuia namba moja ya simu kusajiliwa kwa wanachama wawili:

```
CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY wanachama_simu
  ON wanachama (simu);
```

Sharti limetimia kwa pande zote. Amri ni ile ile, toleo ni lile lile, na mistari ilikuwa ikibadilika, kwa kuwa kila aliyeweka akiba alibadilishiwa salio. Vipengele vingine vya 14.4 atavipita upesi. Kimoja kilihusu makadirio mabaya ya gharama za mipango ya `Memoize`, na hicho hutambulika kwa dalili: swali lililokuwa jepesi linachelewa sana kuanza. Kama hana dalili hiyo, asiumize kichwa. Faharasa iliyorukwa mistari, kwa upande wake, haina dalili ya kuonekana. Mfumo unajibu haraka, tena kwa uhakika, kwamba mwanachama fulani hayupo.

Hapa ndipo msomaji wa juujuu anapokosea: anaweka 14.4 na kufunga kazi. Programu mpya inazuia uharibifu mpya. Faharasa ya Aprili inabaki ilivyo. Kwa hiyo akishaweka 14.4, msimamizi wetu anakagua:

```
pg_amcheck --install-missing --heapallindexed sacco
```

Neno `--heapallindexed` ndilo la muhimu, kwani bila hilo ukaguzi hutazama umbo la faharasa bila kuilinganisha na jedwali. Ukaguzi hauwazuii watu kusoma wala kuandika, ingawa kwa majedwali makubwa huchukua muda. Una mpaka wake pia: unazijua faharasa za B-tree tu, ambazo ndizo nyingi, na za aina nyingine hazina ukaguzi huo, hivyo hujengwa upya bila kuulizwa. Kwenye faharasa mbovu, jibu huwa la namna hii:

```
heap tuple (812,14) from table "wanachama" lacks matching
index tuple within index "wanachama_simu"
```

Tiba iliyotajwa ni kuijenga upya, na ndani ya 14.4 `REINDEX INDEX CONCURRENTLY` ni salama tena. Lakini kwa faharasa ya kuzuia marudio kuna tatizo ambalo kile kipengele kifupi hakikulieleza, na ambalo msomaji anapaswa kulitoa mwenyewe katika madhara aliyosomewa. Ikiwa mstari wa mwanachama haumo kwenye faharasa, faharasa haikuweza kuikataa namba yake ilipokuja mara ya pili. Huenda kati ya Aprili na Juni karani alimtafuta mtu kwa simu, akaambiwa hayupo, akamsajili upya. Ujenzi mpya utaziona namba zote mbili, utagoma, na kuacha nyuma faharasa isiyofaa yenye jina linaloishia na `_ccnew`, ambayo itabidi kuifuta.

Kwa hiyo marudio yatafutwe kwanza, na yatafutwe bila kuitegemea faharasa yenyewe, kwa kuwa ikiulizwa itayaficha:

```
SET enable_indexscan = off;
SET enable_indexonlyscan = off;
SELECT simu, count(*) FROM wanachama
  GROUP BY simu HAVING count(*) > 1;
```

Namba zitakazotokea hapo haziamuliwi na msimamizi peke yake. Mwanachama mmoja ana akaunti mbili, moja yenye akiba yake ya miaka na nyingine yenye michango ya wiki chache, pengine na mkopo ulioombwa kwa ile mpya. Orodha inapelekwa kwa mhasibu na karani, fomu za uanachama zinafunguliwa, michango inaunganishwa chini ya akaunti moja, ndipo faharasa inajengwa upya na `pg_amcheck` kuendeshwa mara ya pili.