Jedwali la Kurasa Lililochorwa kwa Mkono

Kumbukumbu kuu ya kompyuta imegawanywa katika fremu, na kila fremu hubeba ukurasa mmoja wa programu. Programu ikiomba ukurasa ambao haumo, kazi husimama mpaka mfumo endeshi uulete kutoka kwenye diski. Fremu zikiwa zimejaa, sharti ukurasa mmoja utoke. Kuamua ni upi utoke ni kazi ya kanuni ya ubadilishaji, na ubora wa kanuni hupimwa kwa mara ambazo ukurasa uliombwa ukakosekana.

Njia ya zamani ya kuzilinganisha kanuni hizo ni penseli na karatasi yenye mistari. Juu huandikwa mfuatano wa maombi. Chini ya kila ombi huchorwa fremu na kilichomo, na alama huwekwa kila ukurasa unapokosekana. Siku hizi wengi huiachia programu ndogo itoe jumla, nao huondoka na namba tatu bila kujua zilikotoka. Hasara yake huonekana katika mfuatano huu, unaojulikana sana darasani: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Fremu ni 3, nazo huanza zikiwa tupu.

Kanuni ya kwanza ni ya foleni: ukurasa uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kutoka, hata kama umetumika sasa hivi. Ombi la 4 linamtoa 1, na papo hapo 1 anaombwa tena. Kuingia kwake kunamtoa 2, naye 2 ndiye anayefuata kuombwa. Ukurasa wa 5 ukishaingia, fremu zina 1, 2 na 5, na maombi mawili yanayofuata yanakuta kurasa zake. Kisha 3 na 4 wanakosekana, wanaletwa, na 5 wa mwisho anakutwa bado yumo. Jumla ni mara 9.

Kanuni ya pili humtoa aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Msingi wake ni kwamba programu hupenda kurudia ilichotumia karibuni. Hadi ombi la tisa jedwali lake halitofautiani na la foleni hata kwa alama moja. Tofauti inaanzia kwa 3 wa pili. Kurasa 1 na 2 zimeguswa punde, kwa hiyo zinalindwa, naye 5 anatolewa. Lakini 1 na 2 haziombwi tena kamwe; anayeombwa mwishoni ni 5. Jumla inakuwa 10, moja zaidi ya foleni. Anayesoma jumla peke yake atasema foleni ni bora. Aliyechora jedwali anaona kwamba mfuatano huu unazunguka kurasa nyingi kuliko fremu, na katika mzunguko wa namna hiyo kilichotumika karibuni hakitabiri kitakachohitajika.

Kanuni ya tatu ni ile bora, ambayo László Bélády wa IBM aliitumia kama kipimo katika utafiti wake wa mwaka 1966: atoke yule ambaye ombi lake lijalo liko mbali zaidi. Hapa jicho la mchoraji hutangulia mbele kwenye mstari kabla ya mkono kuandika. Ombi la 4 linapofika, 1 anahitajika mara moja, 2 baada yake, na 3 mbali kabisa. Basi 3 anatoka. Kwa 5, anayetoka ni 4. Mwishoni 1 na 2 hawana kazi tena, wanaachia nafasi 3 na 4, huku 5 akibaki. Jumla ni 7. Hakuna kompyuta inayoujua mstari wake mzima mapema, hivyo kanuni hii haiwezi kuendesha mfumo halisi. Inaonyesha tu kiwango ambacho hakuna kanuni inayoweza kukishinda.

Karatasi moja zaidi hustahili kuchorwa: mfuatano uleule kwa fremu 4. Kanuni bora inashuka hadi 6, na ya pili hadi 8. Foleni inapanda hadi 10. Ombi la 5 linamtoa 1, na kuanzia hapo kila ukurasa unatolewa muda mfupi kabla ya kuombwa, hadi mwisho wa mstari. Hali hiyo ya kuongeza nafasi na kupata hasara ilielezwa na Bélády na wenzake mwaka 1969. Karatasi mbili zikiwekwa sambamba, sababu inaonekana: katika kanuni ya pili, kilichomo kwenye fremu 3 kimo daima kwenye fremu 4, kwa hiyo nafasi ya ziada haiwezi kudhuru. Katika foleni, baada ya ombi la 5, fremu 3 zina 1, 2 na 5, ilhali fremu 4 zina 2, 3, 4 na 5. Ukurasa wa 1 umo kwenye nafasi ndogo na haumo kwenye kubwa, na ndio unaoombwa papo hapo.