Mstari wa Malipo Katika Tangazo la Friji

Matangazo ya kuuza vitu vilivyotumika hufanana sana, na sehemu ya malipo ndiyo hufanana kuliko zote. Tuchukue mfano wa friji inayouzwa Sinza, Dar es Salaam, kwa tangazo la aina hii:

"Friji milango miwili, haina shida yoyote. Bei 480,000, maelewano yapo. Malipo: M-Pesa, Airtel Money, benki, keshi. Lipia kwanza nikuwekee, wateja ni wengi. Ukishatuma nirushie skrinshoti. MATAPELI MKAE MBALI!!!"

Chini yake namba ya simu, jina kamili la mwenye namba, na namba ya akaunti ya benki.

Mwandishi wa maneno haya ni mwuzaji mwaminifu mwenye friji ya kweli. Hata hivyo, kila sentensi aliyoiandika kuhusu malipo inamfaa tapeli kuliko inavyomfaa yeye. Kasoro haiko kwenye njia za malipo alizozitaja, kwa sababu zote ni halali na watu wanazitumia kila siku. Iko kwenye jinsi alivyoziandika.

Tuanze na orodha yenyewe. "Malipo: M-Pesa, Airtel Money, benki, keshi" ni majina matupu. Hakuna anayetenda, hakuna wakati, hakuna mahali. Inatuambia pesa itapita wapi, lakini haituambii itapita lini: kabla ya kuiona friji au baada? Friji inatoka mlangoni wakati gani? Nafasi hiyo aliyeiacha wazi ni mwuzaji, na atakayekuja kuijaza ni mtu mwingine. Tapeli atapiga simu na kupanga mwenyewe: nimeshatuma, kijana wa bodaboda yuko njiani, mpe mzigo. Mwuzaji hana la kumrejesha nyuma, maana tangazo lake halikuweka utaratibu wowote.

Sentensi ya pili ndiyo inayonisikitisha zaidi. "Lipia kwanza nikuwekee, wateja ni wengi" ni maneno yaleyale ya watu wanaouza friji zisizokuwepo. Mnunuzi makini akiyaona anaondoka, na ana haki. Wanaobaki ni wasiojua, pamoja na wale ambao tangu mwanzo hawakukusudia kulipa. Mwuzaji amewachuja wateja wake kinyumenyume bila kujua.

Kisha "ukishatuma nirushie skrinshoti". Hapa mwuzaji ameukabidhi ushahidi wa malipo kwa mtu anayepaswa kuutoa. Skrinshoti ni picha, na picha hutengenezwa. Ujumbe wa muamala nao huigwa kwa urahisi: maandishi yaleyale, kumbukumbu namba yenye herufi na tarakimu, jina sahihi la mpokeaji (ambalo tangazo lenyewe limelitoa), hata salio jipya. Ujumbe huo wa kuigwa mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu, au salio lake halilingani na lililokuwepo. Lakini mtu mwenye haraka, huku mnunuzi akimsemesha kwenye simu nyingine, halioni hilo. Kinachothibitisha ni kimoja: mwuzaji afungue menyu yake mwenyewe, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, aangalie salio. Tangazo linapaswa kulisema hilo kwa nafsi ya kwanza: nikishaiona pesa kwenye salio langu. Hapo mthibitishaji ni mwenye mali.

Neno "benki" likiachwa peke yake lina tatizo la saa. Uhamisho ndani ya benki ileile kwa kawaida huonekana upesi. Kutoka benki nyingine unaweza kuchelewa kutegemea njia iliyotumika. Hundi ni hatari zaidi. Ikishawekwa, kiasi chake kinaweza kuonekana kwenye akaunti kabla haijapitishwa, na siku chache baadaye ikarudi bila malipo wakati friji imeshaondoka. Karatasi ya kuweka hundi, kwa mtu asiyeisoma vizuri, inafanana mno na ya kuweka taslimu. Kwa hiyo "benki" iandikwe "uhamisho wa benki", na hundi ikataliwe kwa jina.

Bei nayo ni sehemu ya malipo. Anayeuliza "pamoja na ya kutolea?" anauliza swali la haki, na likiachwa bila jibu kiasi kitakachoingia hakijulikani. Ukungu huo unamfaa yule atakayesema amezidisha, ametuma 580,000 badala ya 480,000, naomba unirudishie laki moja kwenye namba hii nyingine. Laki moja inayorudishwa ni ya kweli. Zile 580,000 hazikuwahi kuingia. Tangazo likitaja kiasi kamili, kilichozidi ni dalili mara moja.

Namba za malipo zilizoandikwa hadharani zina madhara ambayo wengi hawayafikirii. Tapeli ananakili picha za friji na kuweka tangazo lake kwa bei ya chini. Mtu wa tatu akijitokeza, anaelekezwa alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya mwuzaji wa Sinza. Pesa inaingia kweli, salio linaonekana kweli, na tapeli anatuma gari kuchukua friji. Mtu wa tatu anabaki bila friji, na jina analolipeleka polisi ni la mwuzaji wetu. Hapa hata kuangalia salio hakumwokoi. Kinachomwokoa ni kutoa namba akiwa ana kwa ana na mnunuzi, na sentensi fupi: anayelipa ndiye anayechukua.

Kuhusu "MATAPELI MKAE MBALI!!!" sina la kuitetea. Haimzuii tapeli yeyote, inamtia wasiwasi mteja mwema, na inachukua nafasi ya sentensi ambayo ingefanya kazi.

Ningeliandika hivi:

"Friji ipo Sinza, Dar es Salaam. Njoo uione ikiwaka. Bei ni 480,000, ya kutolea ni juu yangu. Ukiridhika unalipa hapahapa: taslimu, M-Pesa, Airtel Money au uhamisho wa benki. Namba nitakupa ukifika. Nikishaiona pesa kwenye salio langu, friji inatoka. Uhamisho ukichelewa, tunausubiri. Sichukui malipo ya awali wala hundi. Anayelipa ndiye anayechukua."

Halina neno la ukali wala halimtuhumu msomaji. Vitendo vimepangwa kama vitakavyotokea: njoo, uione, unalipa, nikishaiona, inatoka. "Maelewano yapo" nimeliondoa kwa makusudi. Punguzo lizungumzwe mbele ya friji, na kiasi kipya kitajwe wazi kabla ya kulipa.

Maneno hayawezi yote. Aliyetuma pesa anaweza kuuomba mtandao wake urudishe muamala, akidai amekosea namba. Ndiyo sababu mwuzaji abaki na risiti ya makabidhiano yenye jina, namba ya simu, kiasi na saini ya mnunuzi, ili huduma kwa wateja wakimpigia awe na la kuonyesha.

Tena kuna mnunuzi wa Mbeya asiyeweza kuja. Tangazo halihitaji kulegezwa kwa ajili yake. Amtumie pesa ndugu yake aliye Dar, ndugu aje Sinza, aiwashe friji, alipe kwa simu yake mwenyewe, atie saini na kuisindikiza hadi kwenye basi.