Herufi y inapojitokeza mahali isipotakiwa

Tumepewa sehemu halisi ya funksheni ya namba changamano:

u = x³ − 3xy² + 2y

Tunatafuta mwenza wake v, ili f = u + iv iwe analitiki, yaani iwe na drivativu katika kila nukta ya eneo lake. Milinganyo ya Cauchy na Riemann inadai mambo mawili: uₓ = v_y, na u_y = −vₓ. Hapa uₓ ni drivativu ya u kwa x huku y ikishikiliwa bila kubadilika.

Kabla ya kutafuta v, tuhakikishe kwamba u ni hamoniki. Drivativu ya pili kwa x ni 6x, kwa y ni −6x. Jumla yake ni sifuri, kwa hiyo tuendelee.

Kutokana na mlinganyo wa kwanza, v_y = 3x² − 3y². Tukiintegrisha kwa y:

v = 3x²y − y³ + g(x)

Wengi huandika c badala ya g(x), na hapo ndipo hesabu huharibika. Kwa kuwa tuliintegrisha kwa y, chochote chenye x peke yake kingeweza kupotea wakati wa kutafuta drivativu, hivyo lazima kiachiwe nafasi. Mlinganyo wa pili ndio unaotuambia ni kitu gani:

6xy + g′(x) = 6xy − 2

Basi g′(x) = −2, na v = 3x²y − y³ − 2x + c. Tukiunganisha, f = z³ − 2iz + ic. Aliyeandika c mapema angeikosa −2x.

Tazama jinsi 6xy zilivyofutana. Hicho ndicho kipimo cha kazi nzima, kwa sababu g′ hairuhusiwi kubaki na y. Ukisahau alama ya kutoa katika mlinganyo wa pili, utapata g′ = 2 − 12xy, jambo lisilowezekana. Ukianza na u = x² + y², ambayo si hamoniki, utapata g′ = −4y hata kama hujakosea popote. Kwa hiyo y ikibaki, kagua alama kwanza, kisha rudia kipimo cha hamoniki.

Kuna hali moja ambayo kipimo hiki hakiioni. Chukua u = ½ ln(x² + y²) kwenye bapa lote isipokuwa nukta ya asili. Ni hamoniki, na mwenza wake ni pembe ya z. Lakini ukiizunguka nukta ya asili mara moja kinyume cha saa, pembe inaongezeka 2π, na unarudi ulipoanzia ukiwa na thamani nyingine ya v. Hesabu iko sawa. Tatizo ni tundu katika eneo. Ukilikata eneo kando ya mhimili hasi wa x, mzunguko hauwezekani tena, na v inakuwa na thamani moja kila mahali.